Mafaili matano yametumwa, moja tu linafunguka: uendelee nalo, uombe upya, au uyafungue mwenyewe?

Tuchukue kesi ya kawaida. Chama cha akiba na mikopo kinajiandaa kwa mkutano mkuu wa mwaka, na mjumbe mmoja wa kamati ya usimamizi amepewa kazi ya kuandika taarifa ya ukaguzi wa ndani. Jumatano jioni mweka hazina anamtumia mafaili matano kwa barua pepe. Taarifa inatakiwa Ijumaa mchana. Mjumbe anayapakua kwenye kompyuta na kuona hivi:

```
Muhtasari_kikao.pdf          412 KB
Mikopo_wanachama.gsheet        1 KB
Taarifa_ya_fedha.xlsx         86 KB
Risiti_2024.zip            9,800 KB
IMG_2231.HEIC              2,150 KB
```

Linalofunguka ni la kwanza tu, muhtasari wa kikao cha bodi. Mengine yote yanagoma. Hapo ana njia tatu: aandike kwa kutumia lile moja alilosoma, amwombe mweka hazina atume tena, au ahangaike kuyafungua mwenyewe. Wengi hukimbilia njia ya pili kwa kuandika maneno mawili, "hayafunguki, tuma tena". Kwa kesi hii maneno hayo hayatasaidia faili hata moja. Mweka hazina atayaambatisha yaleyale, nayo yatagoma vilevile, na Alhamisi itakuwa imepita.

Ndiyo maana kabla ya kuchagua njia yoyote, tazama vitu viwili: herufi za mwisho wa jina la faili na ukubwa wake. Kama kompyuta yako ya Windows inazificha herufi hizo, fungua File Explorer, nenda View, kisha Show, uweke alama kwenye File name extensions. Ni kazi ya dakika moja, nayo ndiyo itakayokuonyesha ni faili lipi la kuombwa upya, lipi unaweza kulifungua mwenyewe, na lipi halina kitu ndani.

Njia tatu zikiwekwa pamoja zinaonekana hivi:

| Njia | Inafaa lini | Gharama yake | Inapokwama |
|---|---|---|---|
| Kuendelea na lililosomeka | Swali lako linajibiwa na faili hilo lenyewe | Taarifa inabaki na mapengo yanayopaswa kutajwa | Msomaji akidhani umesoma yote |
| Kuomba upya | Faili ni tupu, limekatika, limefungwa kwa neno la siri, au ni kiungo tu | Unasubiri mtu mwingine | Ombi lisiposema nini kibadilishwe |
| Kufungua mwenyewe | Faili ni zima, ila huna programu yake | Muda wako | Ukipata nusu ukaichukulia kuwa yote |

Nianze na faili linalowasumbua watu kuliko yote, lile la 1 KB. Daftari la mikopo lenye mamia ya wanachama haliwezi kuwa na ukubwa wa 1 KB. Herufi `.gsheet` zinaeleza kilichotokea. Mweka hazina anatunza daftari lake kwenye Google, na ana ile programu ya Drive inayoonyesha mafaili hayo kwenye folda ya kompyuta kama mafaili mengine. Akaliona pale, akaliambatisha. Alichotuma hakina jina la mwanachama wala shilingi. Ni kijikaratasi chenye namba ya utambulisho ya daftari, na daftari lenyewe limebaki kwenye mitambo ya Google. Ukilifungua kwa Notepad utaona maandishi machache yenye `doc_id` na mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu, basi.

Hapa njia ya kujifungulia imefungwa kabisa. Hata ukiichukua namba hiyo na kuitengenezea anwani kwenye kivinjari, Google itakuuliza una ruhusa gani, na kama huna itakupa kitufe cha Request access. Kukibonyeza si kosa, lakini ni kuomba upya kwa njia ndefu, maana mwenye daftari atapata barua pepe ambayo huenda haioni hadi kesho. Mpigie simu.

Kumwomba nako kuna njia mbili, na zinatofautiana kuliko zinavyoonekana. Ya kwanza ni akufungulie ruhusa ya kulisoma daftari likiwa hapohapo kwenye Google. Ya pili ni aingie File, Download, achague Microsoft Excel (.xlsx), kisha akutumie nakala hiyo. Ruhusa ni ya haraka, na kwa kazi nyingi za ofisini inatosha. Kwa ukaguzi mimi nachagua nakala. Daftari la Google linabadilika kila mara mwenyewe anapoliandika, kwa hiyo tarakimu uliyoiona Alhamisi asubuhi inaweza isiwe ileile saa nane mchana, na hutakuwa na kitu mkononi cha kuonyesha ulichokisoma. Nakala iliyopakuliwa haibadiliki.

Faili la zip ni habari nyingine, na hapa ndipo kujaribu mwenyewe kunalipa na pia kunahatarisha. Windows inasema folda hiyo si halali. Ukubwa wake, karibu MB 10, unaonyesha wazi kwamba kuna kitu ndani. Zip hutunza orodha ya vilivyomo mwishoni mwa faili. Faili likikatika mkia, kwa mfano flashi ikichomolewa kabla ya kunakili kwisha au intaneti ikikatika katikati ya kupakua, orodha inapotea hata kama picha nyingi zimebaki salama. Windows hutafuta orodha kwanza. Isipoiona, haijishughulishi kutazama kilichobaki.

Programu ya bure ya 7-Zip ina uvumilivu zaidi. Ukilifungua faili hilo nayo, mara nyingi itasoma kuanzia mwanzo, ikuonyeshe picha ilizozikuta, kisha ikuonye kwa maneno "Unexpected end of archive" au "Unexpected end of data". Kwenye Linux au Mac unaweza kujaribu amri hii, ambayo huliacha faili la asili lilivyo na kutengeneza jipya:

```
zip -FF Risiti_2024.zip --out Risiti_okoa.zip
```

Tuseme umepata picha 61 za risiti. Furaha ya kuziona inaweza kukupotosha, kwa sababu zilizopotea hazikupotea ovyo ovyo. Mafaili ndani ya zip mara nyingi hupangwa kwa jina, na picha za simu hupewa majina yanayopanda kadiri siku zinavyosonga. Faili likikatika mkia, kinachokosekana ni risiti za mwisho, yaani pengine Oktoba, Novemba na Desemba. Mkaguzi akizijumlisha 61 hizo na kuandika kwamba matumizi yaliyo na risiti ni kiasi fulani, atakuwa ameukata mwaka mahali ambapo mara nyingi matumizi ni mengi. Na kwa kuwa orodha imepotea, faili lenyewe haliwezi kukuambia zilikuwa ngapi. Itazame picha ya mwisho. Ikiwa sehemu ya juu inaonekana na ya chini ni kijivu kitupu, basi umepata mahali hasa faili lilipokatika.

Kwa hiyo kwenye zip iliyokatika nafanya yote mawili. Naokoa kinachookoleka ili kazi isisimame, na papo hapo naomba upya, kwa sharti kwamba mtumaji alitengeneze faili jipya kutoka kwenye picha za asili na aniambie idadi yake. Akituma tena lilelile, litakuwa limekatika palepale, kwa sababu uwezekano mkubwa ni kwamba lilikatika kabla halijafika kwenye barua pepe.

Unataka kujua kama aliyetuma mara ya pili ametuma faili lilelile? Tazama ukubwa kwa baiti, si kwa KB. Ukilingana hadi baiti ya mwisho, hesabu alama ya SHA256 ya faili la kwanza, kisha ya la pili, kwa amri hii ya Windows, ukiandika jina la kila faili kwa zamu yake:

```
certutil -hashfile Risiti_2024.zip SHA256
```

Mistari miwili ikifanana herufi kwa herufi, ni faili lilelile, na hakuna sababu ya kulihangaikia upya.

Taarifa ya fedha, ile xlsx ya 86 KB, ndiyo inayoonekana imeharibika kumbe haijaharibika. Kwenye simu ya mjumbe, programu ya kusomea inasema faili lina hitilafu. Kwenye kompyuta yenye Excel, faili hilohilo linauliza neno la siri. Faili la Excel la kawaida kwa ndani ni zip, na ukilifungua kwa Notepad linaanza na herufi `PK`. Likiwekewa neno la siri la kulifungua, umbo lake hubadilika na herufi hizo hazionekani tena mwanzoni, ndiyo maana programu nyingine ndogo za simu hushindwa kulitambua na kulitangaza kuwa bovu. Kwa hiyo faili la Excel likikataa kwenye simu, lijaribu kwenye kompyuta kabla ya kumlaumu yeyote.

Kulilazimisha lifunguke sishauri. Usimbaji wa mafaili ya Excel ya sasa ni imara, na mwenye neno la siri yupo upande wa pili wa simu. Omba neno hilo kwa simu au kwa ujumbe mfupi, lisiandikwe kwenye barua pepe ileile iliyobeba faili. Mtu akiingia kwenye barua pepe hiyo atakuta kufuli na ufunguo pamoja.

La HEIC sitakaa nalo sana. Ni picha iliyopigwa kwa iPhone. Tangu iOS 11 ya mwaka 2017, simu hizo huhifadhi picha hivyo ili zichukue nafasi ndogo. Faili ni zima, wewe ndiye huna cha kulifungulia. Hapa kujifungulia kunashinda kuomba. Lihamishie kwenye simu ya Android ya miaka ya karibuni au kwa mwenzako mwenye iPhone, au lifungue kupitia Google Photos. Kama mweka hazina atakuwa akikutumia picha kila mwezi, mwombe aingie Settings, Camera, Formats, achague Most Compatible, na kuanzia hapo picha zitatoka za JPEG. Kwenye kesi yetu picha ni ya hati ya kuweka fedha benki, na unachohitaji humo ni tarehe na kiasi tu.

Kuna njia moja ya kujifungulia ambayo naikataa kwa nyaraka za aina hii: tovuti za bure za kubadilisha au kutengeneza mafaili. Unapakia faili, dakika moja baadaye unalipata likiwa limenyooka. Ila faili hilo lina majina ya wanachama na madeni yao, na umeliweka kwenye mitambo ya mtu usiyemjua. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Chama kinachotunza madeni ya watu kina wajibu chini ya sheria hizo, na mjumbe wa kamati hawezi kujitetea kwa kusema alikuwa na haraka. Picha ya shamba la mahindi ipeleke huko ukitaka, lakini daftari la mikopo hapana.

Sasa turudi kwenye njia ya kwanza, kuendelea na lile moja lililosomeka, kwa sababu watu wanaidharau au wanaitumia vibaya. Muhtasari wa kikao ni waraka wenye thamani. Tuseme unaeleza kwamba bodi ilipokea taarifa ya fedha, kwamba mikopo iliyo mikononi mwa wanachama hadi 31 Desemba ilikuwa Sh 186,400,000, na kwamba mikopo chechefu ilikuwa Sh 14,200,000. Mjumbe anaweza kuandika sentensi hii akiwa na uhakika: "Kwa mujibu wa muhtasari wa kikao, bodi ilielezwa kuwa mikopo chechefu ni Sh 14,200,000." Hawezi kuandika hii: "Mikopo chechefu ya chama ni Sh 14,200,000." Ya kwanza inaeleza alichosoma. Ya pili inadai kwamba alilifungua daftari, akapitia mkopo mmoja mmoja na kuona uliochelewa ni upi, kazi ambayo hajaifanya. Kwenye mkutano mkuu mwanachama akisimama na kusema deni lake limeandikwa vibaya, tofauti ya sentensi hizo mbili ndiyo itakayoamua kama kamati ilikuwa inafanya kazi yake.

Vilevile, jina la faili si maudhui yake. Kwamba kuna faili linaloitwa `Taarifa_ya_fedha.xlsx` hakuthibitishi kuwa ndani mna taarifa ya mwaka mzima, wala kuwa ni ile iliyopitishwa na bodi. Inaweza kuwa rasimu. Kwa hiyo ukiamua kuendelea na moja, weka aya mwanzoni mwa taarifa, isiwe tanbihi ya mwisho, useme ulipokea mafaili matano, umesoma lipi, yapi hayakusomeka na kwa sababu gani, na kwa sababu hiyo hukuhakiki nini. Msomaji akifika kwenye tarakimu atakuwa anajua zimetoka wapi.

Njia hii inashinda nyingine pale swali lenyewe ni dogo. Kama mwenyekiti alitaka kujua tu iwapo bodi ilipitisha gawio, muhtasari unatosha, na kumsumbua mweka hazina usiku kwa ajili ya daftari na risiti ni kumwongezea kazi bila faida. Kama swali ni iwapo fedha zimetumika ipasavyo, muhtasari haujibu hata nusu yake.

Kwa kesi yetu, basi, ningegawanya hivi. Jumatano usiku picha ya benki inafunguliwa kwenye simu, zip inaokolewa kwa 7-Zip, na muhtasari unasomwa wote huku tarakimu zake zikinukuliwa pembeni. Alhamisi asubuhi mweka hazina anapigiwa simu kuhusu neno la siri, kisha anatumiwa ujumbe mmoja unaosema kila kitu ili asilazimike kurudi kuuliza:

"Shikamoo Mama. Mzigo wa jana umefika, asante. Muhtasari na picha ya benki nimesoma. Naomba haya mengine kabla ya saa kumi leo: 1) Daftari la mikopo: lililokuja ni kiungo tu, la KB 1. Tafadhali lifungue kwenye Google, bonyeza File, Download, Microsoft Excel, unitumie hilo litakaloshuka. 2) Risiti: zip imekatika, nimepata picha 61 tu. Naomba uitengeneze upya kutoka kwenye folda ya picha, usitume ileile, na uniambie zote ni ngapi. 3) Taarifa ya fedha inauliza neno la siri, tumeshaongea kwa simu. Usiyaweke haya kwenye kundi la WhatsApp la chama, nitumie mimi peke yangu."

Ujumbe huu una urefu, lakini kila ombi limebeba jina la kitu, kilichoonekana, na kitendo kimoja cha kufanya. Mtu asiye mtaalamu wa kompyuta anaweza kuufuata akiwa peke yake ofisini.

Kama risiti zote pamoja zinazidi MB 25, Gmail haitazibeba kama kiambatisho. Badala yake itaziweka Drive na kutuma kiungo, na hapo suala la ruhusa litarudi. Kwa mzigo mkubwa kama huo, risiti zigawanywe kwa robo za mwaka, zip nne, kila moja ikijitegemea na kutumwa kwa barua pepe yake. Moja ikikatika, utajua ni robo ipi, na nyingine tatu hazitaguswa.

Mafaili yakifika mara ya pili, kufunguka kwake si mwisho wa kazi. Lile lililosomeka tangu mwanzo sasa linakuwa kipimo cha kuyapimia mengine. Fungua daftari, jumlisha safu ya salio la mikopo, ulinganishe na Sh 186,400,000 ya muhtasari. Zikilingana, endelea. Zikipishana, usirukie kusema kuna wizi, kwa sababu daftari la Google lililopakuliwa leo lina marejesho na mikopo mipya ya tangu Januari. Mwombe mweka hazina aingie File, Version history, See version history, achague hali ya daftari ilivyokuwa 31 Desemba au siku iliyo karibu nayo, aifungue na kuinakili kama faili jipya, kisha apakue hilo na kukutumia. Jumla ya nakala hiyo ndiyo ya kuweka sambamba na muhtasari, na kama bado inapishana, tofauti hiyo kwa shilingi kamili ndiyo inayoingia kwenye taarifa ya Ijumaa.